Afiki, idhinisha, kubali, ridhia, kubaliana: mwongozo kamili wa kuandika muhtasari na mkataba

Muhtasari unarudishwa benki kwa sababu umeandikwa "wajumbe walikubali", bila kusema ni akina nani, walikubali nini na kwa kiasi gani. Mkataba wa pango unavunjika mwezi wa pili kwa sababu mwenye nyumba "alikubali" kwa sharti ambalo mpangaji hakulitilia maanani. Makatibu wengi wa vikundi wanakwama hapohapo: neno "walikubaliana" wanalitumia kwa maoni, kwa kura, kwa ruhusa na kwa ahadi, kisha siku ya ugomvi kila mtu analisoma anavyotaka.

Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu kikao cha kamati hadi mkataba kusainiwa. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na Kenya nayo vivyo hivyo.

## Vya kuwa navyo mezani

- Katiba ya kikundi, kurasa zinazotaja akidi, mamlaka ya kamati na kiwango cha matumizi.
- Ajenda, pamoja na hoja ikiwa imeandikwa neno kwa neno.
- Orodha ya mahudhurio yenye sahihi.
- Pendekezo la upande wa pili kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.
- Muhtasari wa kikao kilichopita.
- Karatasi ya kawaida uliyoigawa safu tatu: nani kasema, kasema nini, ana mamlaka gani juu ya jambo hilo.

Hiyo karatasi ya mwisho usiidharau. Ndiyo itakayokuchagulia kitenzi.

## Kisa chenyewe

Kikundi cha akiba na mikopo chenye wanachama 28 kinataka kukodi fremu mbili za biashara. Zimejengwa mbele ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi na mkewe. Anataka shilingi 450,000 kwa mwezi kwa fremu zote mbili, kodi ya miezi 6 ilipwe mbele. Katiba ya kikundi inairuhusu kamati ya watu 7 kutumia hadi shilingi 1,000,000. Kinachozidi hapo ni cha mkutano mkuu, na akidi yake ni theluthi mbili, yaani watu 19.

Kabla kikao chochote hakijakaa, mwenyekiti keshatoa laki mbili mfukoni mwa kikundi ili fremu zisichukuliwe na mtu mwingine. Hilo nalo litahitaji neno lake.

## Hatua ya 1: Jua msemaji kabla ya kuchagua kitenzi

Uzito wa neno unatoka kwa anayelisema. "Kamati iliidhinisha shilingi 2,700,000" ni sentensi nzuri ya Kiswahili, ila kwa kikundi hiki haina nguvu, kwa sababu kamati haina mamlaka hayo. Kuandika "iliidhinisha" hakuipi kamati mamlaka ambayo katiba imeinyima.

Kwa hiyo, kwa kila uamuzi, jaza zile safu tatu kwanza. Katika kisa chetu inakuwa hivi: kamati ina maoni na inaweza kupendekeza; mkutano mkuu una mamlaka ya fedha; mwenye fremu ana mali; mkewe ana haki juu ya nyumba; na mwenyekiti ni mkono tu wa kusaini alichotumwa. Wako watano, na kila mmoja ana kitenzi chake.

Tahadhari: "ilikubaliwa", "iliamuliwa" na "ilionekana" ni vitenzi visivyo na mtu. Makatibu wanavipenda kwa sababu havimtaji yeyote, na ni sababu hiyohiyo inayofanya mkaguzi avikatae. Kila unapokuta kitenzi cha namna hiyo, jiulize nani. Ukikosa jibu, uamuzi huo haujafanyika.

Utajua umefaulu pale mtu ambaye hakuwapo kikaoni atakaposoma aya moja na kuweza kukuambia ni chombo gani kilisema na kwa kifungu gani cha katiba.

## Hatua ya 2: Maoni yapewe "afiki", kura ipewe namba

Kuafiki ni kusema wazo la mwenzio nawe unaliona hivyo. Kikaoni, mtu akisema "naafiki aliyoyasema Mweka Hazina", hajatoa ahadi wala ruhusa. Kesho anaweza kubadili mawazo na hakuna wa kumshtaki.

Lakini ukiisoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Tanzania, utakuta "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa", na hapo kuafiki kuna nguvu kamili. Kinachotofautisha ni utaratibu: kulikuwa na hoja mezani, iliungwa mkono, spika akawahoji wabunge, wanaoafiki wakasema ndiyo na wasioafiki wakasema siyo. Nguvu imetoka kwenye kura na kanuni, na neno limeipokea tu. Kikundi chako hakina Hansard, hivyo ukitaka "afiki" ibebe uamuzi, weka namba pembeni yake.

Kwa kikao cha kamati andika hivi:

*Kamati iliafiki maoni ya Mweka Hazina kwamba fremu za jirani na stendi zina wateja zaidi, na inapendekeza kwa mkutano mkuu zikodiwe. Wajumbe 6 kati ya 7 waliohudhuria waliafiki; mmoja hakuafiki kwa sababu ya ukubwa wa kodi.*

Neno linalobeba mzigo hapo ni "inapendekeza". Linamwambia msomaji kwamba jambo linaenda mbele, na kwamba kamati inajua mpaka wake.

Jirani wa kuafiki ni kupokea. "Mkutano ulipokea taarifa ya Mweka Hazina" maana yake taarifa ilisomwa na watu wakaisikia, basi. Haimaanishi hesabu zake ni sahihi wala kwamba mapendekezo yaliyomo yamepita. Nimeona vikundi vikigombana juu ya hili: Mweka Hazina anadai matumizi yake yalipitishwa, muhtasari unasema yalipokewa, na muhtasari ndio unaoshinda. Kama mkutano umepokea taarifa na pia umekubali mapendekezo yake, andika sentensi mbili.

Tahadhari nyingine ni ukimya. "Hakuna aliyepinga" si sawa na "wote waliafiki". Kama mwenyekiti aliuliza kuna mwenye pingamizi na ukumbi ukanyamaza, andika hivyohivyo: mwenyekiti aliuliza, hakukuwa na pingamizi, hoja ikapita. Usiwahesabie watu kura ambazo hawakupiga.

## Hatua ya 3: Mwenye mamlaka ndiye anayeidhinisha

Kuidhinisha ni kufungua geti. Anayeidhinisha yuko juu ya jambo kwa cheo au kwa katiba, na bila neno lake wengine hawaruhusiwi kuendelea. Ndiyo maana wanachama wawili sawa kwa sawa hawaidhinishiani. Mwenye fremu naye haidhinishi ombi lako. Yeye si mkubwa wako.

Mfano ambao wanunuzi wengi wa ardhi wamekutana nao uko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kwanza kupata idhini ya mkutano wa kijiji. Mnunuzi anayeoneshwa muhtasari wa halmashauri peke yake, hata uwe na mihuri mitano, bado hajaoneshwa idhini. Ameoneshwa maoni ya chombo cha chini.

Idhini nzuri ina mipaka minne: kitu gani, kiasi gani, nani atatekeleza, na hadi lini. Mkutano mkuu wa kikundi chetu ulikaa, wakahudhuria 21, akidi ikatimia. Aya ikaandikwa hivi:

*Mkutano Mkuu, kwa kura 17 za ndiyo, 3 za hapana na mjumbe 1 asiyepiga kura, uliidhinisha kukodi fremu mbili kwa kodi isiyozidi shilingi 400,000 kwa mwezi kwa fremu zote mbili, na kulipa kodi ya miezi 6 kwa pamoja isiyozidi shilingi 2,400,000. Mwenyekiti na Katibu waliidhinishwa kusaini mkataba kwa niaba ya kikundi kabla ya tarehe 30 Juni. Wasipofanikiwa kwa masharti hayo, warudi kwenye mkutano.*

Sentensi ya mwisho ni fupi lakini ndiyo inayomlinda mwenyekiti asisukumwe na mwenye fremu kwenye meza ya mazungumzo. Anaweza kusema kwa uso mkavu: "Mzee, sikutumwa zaidi ya hapo."

Usiandike "uliidhinisha suala la fremu". Suala halina bei. Benki ikiombwa itoe 2,400,000 kwa muhtasari wa namna hiyo itakurudisha, na itakuwa na haki.

"Kupitisha" ni ndugu wa kuidhinisha. Kunafaa zaidi kwa bajeti, hoja na katiba, vitu vinavyopigiwa kura. "Kuthibitisha" kuachie muhtasari wa kikao kilichopita: wajumbe wanathibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Aliyepiga kura ya hapana anaweza kabisa kuthibitisha muhtasari unaosema hoja ilipita.

## Hatua ya 4: Pendekezo lijibiwe kwa "kubali" isiyo na "ila"

Hapa ndipo makosa ya gharama yanapotokea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu akitoa pendekezo na mwenzie akaonesha kuridhika nalo, pendekezo limekubaliwa na limegeuka ahadi. Kifungu cha 7 kinataka ukubali huo uwe kamili, usio na masharti. Ukiongeza "ila", "lakini" au "mradi", hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na lile la kwanza limekufa.

Mwenyekiti aliandika barua ya tarehe 12 Mei: tunapendekeza kodi ya 400,000 kwa mwezi, miezi 6 mbele. Jibu likaja kwa Wasapu jioni:

*"Sawa mwenyekiti nimekubali 400 ila mlipe mwaka mzima nina shida kidogo."*

Wengi wakisoma hapo wanaona neno "nimekubali" na wanashangilia. Hebu tulipime. Mwaka mzima kwa 400,000 ni shilingi 4,800,000, mara mbili ya idhini ya mkutano. Huyu mzee hajakubali chochote. Amependekeza jambo jipya. Mwenyekiti akijibu "sawa mzee", yeye ndiye atakayekuwa amekubali, tena amekubali kitu ambacho hakutumwa. Na usijidanganye kwamba ni meseji tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haiukatai mkataba kwa sababu tu umefanyika kwa njia ya kielektroniki.

Jibu sahihi linafanya mambo mawili: linakataa sharti jipya, na linatoa upya pendekezo lililokufa.

*"Shikamoo mzee. Kulipa mwaka mzima hatutaweza. Tunapendekeza tena kama barua yetu ya tarehe 12 Mei: 400,000 kwa mwezi, miezi 6 mbele. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 25 Mei."*

Kwa nini utoe upya? Kwa sababu mzee akija wiki ijayo kusema "haya, nimekubali ile ya mwanzo" wakati ile ya mwanzo haiko tena mezani, mtaanza kubishana kama kuna makubaliano au hakuna. Kwa nini uweke tarehe? Ili pendekezo lisining'inie hadi Desemba huku fedha za kikundi zimefungwa.

Mafanikio ya hatua hii ni sentensi moja kutoka kwa mwenye fremu: *"Nakubali pendekezo lenu kama lilivyoandikwa."* Hiyo ndiyo kubali inayofunga. Sikiliza ilivyo kavu. Hakuna shukrani iliyobeba sharti, hakuna "tutaongea zaidi".

Yako majibu yanayosikika kama kukubali na siyo. "Nimeiona barua yenu" ni kupokea. "Wazo ni zuri" ni kuafiki. "Tuko pamoja" ni adabu. Dole gumba lililotumwa chini ya meseji ndefu yenye mambo manne halijulikani limejibu lipi, kwa hiyo mwombe mtu aandike. Na usijaribu njia ya mkato ya kumwandikia mwenzio kwamba asipojibu ndani ya siku 7 atahesabiwa amekubali. Huwezi kumvalisha mtu ahadi kwa sababu amenyamaza.

Kutenda, kwa upande mwingine, kunaweza kuwa kukubali. Mzee akipokea kodi ya miezi 6 na kukabidhi funguo, itakuwa vigumu kwake kusema hakukubali masharti yaliyoandikwa kwenye barua iliyoambatana na fedha hizo. Hii inawahusu na nyinyi: msiingize mzigo kwenye fremu kabla masharti hayajatulia.

## Hatua ya 5: Mwenye haki inayoguswa aridhie

Kuridhia kuna moyo ndani yake. Mtu anaridhia jambo linalogusa haki yake, na anaridhia kwa hiari yake, akiwa anajua. Ndiyo maana mgonjwa anatoa ridhaa ya upasuaji. Hamwidhinishi daktari, wala hawafanyi makubaliano ya biashara.

Katika kisa chetu anayeguswa ni mke wa mwenye fremu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Fremu zimejengwa mbele ya nyumba wanayoishi, kwenye kiwanja kilekile. Unaweza kubishana kama fremu ni sehemu ya nyumba ya ndoa au la, ila ubishi huo ni wa mahakamani na wewe unataka kufungua duka. Chukua ridhaa yake. Waliokopa benki kwa dhamana ya nyumba wanajua mwenza huitwa kusaini. Ni mantiki hiyohiyo. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, inataka ridhaa ya wanandoa wote wawili.

Kosa la kawaida ni mume kuandika ndani ya mkataba: "mke wangu ameridhia". Hiyo ni habari aliyoileta mume. Ridhaa haisemwi kwa niaba. Iwe karatasi yake mwenyewe:

*Mimi, mke wa mpangishaji, nimesomewa na kuelewa masharti ya mkataba wa kupangisha fremu mbili zilizo mbele ya nyumba yetu kwa muda wa miezi 6 kwa kodi ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Ninaridhia kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote.*

Chini yake jina, sahihi au dole gumba, tarehe, na shahidi ambaye si mume. Maneno "bila kushurutishwa" hayako pale kwa urembo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mikataba kinasema ridhaa si huru ikiwa imesababishwa na shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo ya uongo au kukosea. Shahidi awe ameona kwamba mama huyu alisomewa kwa lugha anayoielewa na akapata nafasi ya kuuliza. Ukimkuta amesaini karatasi huku akiosha vyombo, bila kusomewa, una sahihi lakini ridhaa huna.

### Kuridhia jambo lililokwisha tendeka

Sasa zile laki mbili za mwenyekiti. Mkutano hauwezi kuziidhinisha, kwa sababu idhini hutangulia tendo na fedha zimeshatoka. Unachoweza kufanya ni kuridhia baada ya tendo. Mtu akitenda kwa niaba yako bila mamlaka, una hiari ya kumkana au kuridhia, na ukiridhia tendo linahesabika kana kwamba ulimtuma tangu mwanzo.

Sharti lake ni moja na ni zito: anayeridhia awe anazijua habari zote muhimu. Mkutano ukiridhia malipo bila kuambiwa kwamba hayana risiti, kuridhia huko kuna tobo. Andika hivi:

*Mkutano, baada ya kuelezwa kwamba Mwenyekiti alilipa shilingi 200,000 kushikilia fremu kabla ya kupata idhini, na baada ya kuoneshwa stakabadhi, uliridhia malipo hayo na kuelekeza yahesabiwe ndani ya kodi ya miezi 6.*

Ona kwamba aya haimfichi mwenyekiti wala haimsuti. Inaeleza. Nawashauri makatibu wasikubali kurudisha tarehe nyuma ili ionekane idhini ilikuwepo. Ukifanya hivyo umehama kutoka kwenye utaratibu mbovu kwenda kwenye kughushi.

Matumizi haya ya kuridhia ndiyo yanayofanana na ya Bunge. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Serikali inasaini kwanza, kisha wenye haki, kupitia wawakilishi wao, wanaulizwa kama wanalichukua jambo hilo kuwa lao.

## Hatua ya 6: "Kubaliana" iwekwe ndani ya mkataba, kila upande ukiwa na lake

Kukubaliana ni tendo la pande mbili, kila mmoja akimwahidi mwenzie. Kifungu cha 10 cha Sura 345 kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kifungu cha 13 kinaongeza kwamba watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile.

"Kwa maana ileile" ndiyo mtego. Kama mzee ana fremu 3 mbele ya nyumba, "fremu mbili" ni zipi? Kama kodi "inajumuisha umeme", ni pamoja na friji ya vinywaji? Neno "tumekubaliana" halitibu utata. Makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana hayana nguvu kisheria.

Kwa hiyo, mkataba wetu ulitaja fremu namba 1 na 2 kutoka upande wa barabara, ukachorwa mchoro wa mkono ukaambatishwa, ukataja luku ya kila fremu kuwa juu ya mpangaji, na ukasema laki mbili zimeshapokelewa na zimebaki 2,200,000.

Jihadhari na "tumekubaliana kimsingi". Kwa masikio ya Kiswahili hiyo ni nusu ya safari: tumependezwa, bei na masharti bado. Kama ndivyo ilivyo, ongeza kwamba hakuna upande unaofungwa hadi mkataba usainiwe. Kama sivyo, ondoa "kimsingi". Vilevile jina la juu ya karatasi haliamui. Waraka ulioitwa "hati ya makubaliano" wenye bei, muda, wahusika na sahihi unaweza kufunga kama mkataba, na waraka ulioitwa "mkataba" usio na bei unaweza usifunge kitu.

Ndani ya mkataba, baada ya "pande zote mbili zimekubaliana kwamba", vitenzi viwe vya wajibu: *mpangaji atalipa, mpangishaji atakabidhi*. Ukiandika "mpangishaji amekubali kuwa paa linahitaji ukarabati", umeandika kuafiki tu. Ameona paa linavuja, hajasema ataliziba. Andika: "mpangishaji ataziba paa la fremu namba 2 kwa gharama zake kabla ya tarehe 15 Juni."

## Hatua ya 7: Pitia nyaraka kwa kubadilisha vitenzi

Kabla ya kusaini, chukua muhtasari na mkataba, piga mstari chini ya kila kitenzi kati ya hivi vitano, halafu jaribu kukibadilisha na kingine. Sentensi ikibaki na maana ileile, bado haijakamilika. Inakosa mtu, kiasi, tarehe au wajibu.

Jaribu na "wanachama walikubali fremu". Weka waliafiki, waliidhinisha, waliridhia: zote zinaingia bila taabu. Maana yake sentensi haijasema kitu. Sasa jaribu ile aya ya idhini ya mkutano mkuu. Ukiweka "uliafiki" mahali pa "uliidhinisha", "kodi isiyozidi" na "waliidhinishwa kusaini" zinapingana nalo mara moja. Hiyo ndiyo aya iliyokaa.

Kisha panga tarehe. Zifuatane hivi: pendekezo la kamati, idhini ya mkutano mkuu, barua ya pendekezo, jibu la kukubali, ridhaa ya mke, sahihi za mkataba. Ridhaa ikiwa na tarehe ya baada ya mkataba, simamisha malipo, mama asomewe upya na mkataba usainiwe upya siku hiyohiyo au baadaye.

Mwisho, bana pamoja nakala za karatasi tano za mwanzo nyuma ya mkataba, kila upande ubaki na seti yake. Mzee akipandisha kodi kwa mdomo mwezi wa nne, usimjibu "sawa" wala "tutaona". Mwombe aandike, kisha upeleke kwenye mkutano kama pendekezo jipya.